Insha imerudi na wino mwekundu: uandike upya, ufungue daftari au umwone mhadhiri?

Insha iliyosahihishwa inaporudi mikononi, mwanafunzi anakuwa na kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni kuelewa mhadhiri amesema nini kuhusu karatasi ile. Ya pili ni kuamua atafanya nini kwa namna tofauti katika karatasi nyingine, yenye swali jingine na pengine msahihishaji mwingine. Wengi huifanya ya kwanza nusunusu, kwa kutazama alama na kupitisha macho pambizoni, na ya pili hawaifanyi kabisa. Ndiyo maana mtu hufika mwaka wa tatu akiandikiwa neno lilelile aliloandikiwa mwaka wa kwanza.

Zipo njia tatu ambazo wanafunzi wa nyanda za juu kusini, kuanzia Mkwawa pale Iringa hadi wale wa Chuo Kikuu Huria wanaosomea Mbeya, wanaweza kuzitumia bila gharama kubwa. Njia ya kwanza ni kuiandika upya aya iliyokosolewa. Ya pili ni kuwa na daftari la maoni linalokusanya yaliyoandikwa kwenye insha zote. Ya tatu ni kwenda kumwona mhadhiri ofisini ukiwa na maswali uliyoyaandaa. Hapa chini nazilinganisha kwa vigezo vinne: njia inafaa maoni ya aina gani, inahitaji nini, inakwama wapi, na unawezaje kujua kwamba imefanya kazi. Nitaeleza pia kila njia inamfaa nani.

Kabla ya kuchagua: maoni ni ya aina gani?

Kigezo cha kwanza hakipimiki kama maoni yote yamebaki rundo moja. Soma kwanza maelezo ya mwisho, yale yanayoandikwa chini ya insha au mgongoni mwa karatasi, kwa sababu hapo ndipo mhadhiri anaposema alama zimepoteaje. Kisha rudi pambizoni na uweke kila alama ya wino katika moja ya makundi manne: hoja na uchanganuzi, mpangilio, ushahidi na marejeleo, au lugha.

Upangaji huu una sababu. Maoni ya lugha ndiyo huonekana mengi zaidi, kwa kuwa kila kosa la tahajia huzungushiwa duara, na ndiyo rahisi kurekebisha. Basi mwanafunzi hurekebisha maduara kumi na mawili, akaridhika, huku alama zake zilipotea kwenye neno moja lililoandikwa mwishoni: «Umesimulia.» Idadi ya alama za wino haisemi uzito wake.

Kwa wale ambao insha zao huandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo katika kozi nyingi za vyuo vyetu, kuna ugumu wa ziada. Sentensi ikiandikiwa kwamba haieleweki, tatizo laweza kuwa lugha, na laweza kuwa fikra. Kuna kipimo cha haraka: funga karatasi, umweleze mwenzako hoja hiyo kwa Kiswahili. Ukiieleza vizuri naye akaielewa, tatizo lilikuwa lugha. Ukigugumia hata kwa Kiswahili, hoja yenyewe haijakomaa, na kununua kamusi hakutasaidia.

Insha tutakayoitumia kama mfano

Ili njia zote tatu zipimwe kwa haki, tutumie insha moja. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Idara ya Kiswahili amepewa swali: «Jadili ni kwa kiasi gani utawala wa Wajerumani ulichangia kuenea kwa Kiswahili katika Tanzania Bara ya leo.» Amepata 8 kati ya 15. Aya yake ya tatu inasomeka hivi:

> Wajerumani walitawala Tanganyika hadi Vita Kuu ya Kwanza. Katika kipindi hicho waliwatumia maliwali, maakida na majumbe. Pia walijenga shule Tanga. Pia kulikuwa na gazeti la Kiongozi. Hivyo basi Wajerumani walichangia sana kuenea kwa Kiswahili.

Pambizoni mhadhiri amezungushia duara neno «Tanganyika» na kuandika «Wakati huo?», kwa kuwa jina hilo lilianza kutumika rasmi chini ya Waingereza mwaka 1920. Mbele ya sentensi ya maakida ameandika «Chanzo?», mbele ya gazeti ameandika «Kwa hiyo?», na neno «sana» amelipigia mstari. Mwishoni mwa insha kuna maelezo haya: «Taarifa unazo, uchanganuzi haba. Rejea swali.»

Kwa makundi yetu manne, «Wakati huo?» na «Chanzo?» ni ya ushahidi, ilhali «Kwa hiyo?», mstari chini ya «sana» na maelezo ya mwisho yote ni ya uchanganuzi. Hakuna hata moja la lugha. Mwanafunzi huyu anaandika Kiswahili safi, na hilo halikumwokoa.

Njia ya kwanza: kuiandika upya aya iliyokosolewa

Njia hii inafaa zaidi maoni ya uchanganuzi na ya mpangilio, yaani yale ambayo mtu anaweza kuyaelewa kichwani bila kuweza kuyatenda. Karibu kila mwanafunzi akiulizwa atasema anajua tofauti ya kusimulia na kuchanganua. Tofauti hiyo huonekana kalamu inapogusa karatasi.

Inahitaji aya moja tu, si insha nzima, na saa moja au mbili za utulivu. Chagua aya yenye maoni mazito zaidi, si yenye maoni mengi zaidi. Kabla ya kuandika, geuza kila maoni kuwa swali ambalo aya mpya lazima ilijibu. «Kwa hiyo?» mbele ya gazeti linakuwa: kuwepo kwa gazeti kulikienezaje Kiswahili, na kwa nani? Mstari chini ya «sana» unakuwa: kiasi hicho kinapimwa kwa nini, na kinaishia wapi? Baada ya hapo aya yetu inaweza kuwa hivi:

> Utawala wa Wajerumani ulikieneza Kiswahili hasa kupitia ajira. Kwa kuwa boma lilitumia Kiswahili katika mawasiliano na maakida na majumbe, mtu aliyetaka ukarani au uakida alilazimika kukimudu [chanzo, ukurasa]. Shule ya serikali ya Tanga iliandaa watu wa kazi hizo, na gazeti la Kiongozi, lililochapishwa mjini humo, liliwapa watu hao maandishi ya kusoma baada ya kutoka darasani [chanzo, ukurasa]. Hata hivyo, njia hii iliwagusa zaidi waliokuwa karibu na boma. Huko Rungwe, kwa mfano, wamisionari wa Moravian walioingia mwaka 1891 walifanya kazi yao kwa Kinyakyusa [chanzo, ukurasa], hivyo mtu aliweza kujifunza kusoma bila kupita kwenye Kiswahili. Mchango wa Wajerumani ulikuwa mkubwa katika shughuli za utawala, lakini haukufika kwa uzito uleule katika maisha ya dini na ya nyumbani.

Tazama kilichobadilika. Taarifa za msingi ni zilezile: maakida, shule, gazeti. Neno «pia», lililokuwa likiunganisha mambo kwa kuyapanga foleni tu, limeondoka, na mahali pake pamekaa sababu: boma lilihitaji watu wanaojua lugha, shule ikawaandaa, gazeti likawapa cha kusoma. Kisha mfano wa Rungwe umeingia kazini. Mwanafunzi aliyekulia Tukuyu anaufahamu mfano huo tangu utotoni na huenda hakuwahi kufikiri kwamba una nafasi katika insha ya chuo. Ndio unaojibu maneno «kwa kiasi gani», kwa sababu unaonyesha mahali ambapo mchango ule unaishia. Neno «sana» limefutika lenyewe, maana kiasi sasa kimesemwa.

Njia hii hukwama mahali pawili. Kwanza, mwanafunzi anaweza kutii wino bila kujifunza: penye «Chanzo?» anachomeka chanzo, penye «Tanganyika» anabadili jina, aya inakuwa safi, na insha ijayo inaanza upya na makosa yaleyale. Hatari hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu aya iliyosafishwa humpa mtu hisia ya kuwa amemaliza. Pili, haisaidii maoni usiyoyaelewa. Huwezi kuandika upya kwa kufuata neno usiloweza kulisoma.

Ili kujua kama imefanya kazi, usiipime kwa aya ya zamani. Ukishaandika upya, jiandikie agizo moja lisilotaja Wajerumani wala Kiswahili. Kwa mfano: «Baada ya kila tukio nitakalolitaja, nitasema limesababisha nini kuhusu jambo lililoulizwa, na kila aya itaonyesha mpaka wa hoja yake.» Kisha chukua swali jingine la kozi hiyohiyo, tuseme linalouliza ni kwa kiasi gani Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilifanikiwa kusanifisha Kiswahili, na uandike aya moja kwa agizo hilo. Kama umejifunza, hutaishia kusema kwamba mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja. Utaendelea kusema kwamba uchaguzi huo uliwapa wachapishaji na walimu wa shule kipimo kimoja cha tahajia na sarufi, kisha utaonyesha mpaka wake, kwamba washairi wa Mombasa waliendelea kutunga kwa Kimvita. Aya ya pili ikirudia «pia, pia, hivyo basi», basi uandishi wa kwanza ulikuwa usafi tu.

Inamfaa mwanafunzi ambaye alama zake zinapotea kwenye hoja, ambaye maoni anayaelewa, na ambaye ana jioni moja huru kabla ya kazi inayofuata.

Njia ya pili: daftari la maoni

Njia hii haishughulikii maoni mazito ya insha moja. Inashughulikia maoni yanayorudi. Inafaa zaidi makundi ya ushahidi, mpangilio na lugha, ambako kosa ni tabia ya mkono kuliko upungufu wa fikra.

Inahitaji daftari la kawaida na dakika kama ishirini kila karatasi inaporudi. Katika kila ukurasa chora safu nne: kozi na tarehe, maneno ya mhadhiri kama yalivyoandikwa, jina la kosa kwa maneno yako, na jambo utakalolikagua kabla ya kuwasilisha kazi nyingine. Safu ya pili ni muhimu kuliko inavyoonekana. Nakili maneno yenyewe, hata kama ni alama ya kuuliza tu, kwa sababu kumbukumbu hulainisha: baada ya mwezi «Rejea swali» hukumbukwa kama «niliambiwa niongeze maelezo», na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Thamani ya daftari huonekana kwenye safu ya tatu, pale karatasi za wahadhiri mbalimbali zinapokutana. Tuseme yule mwanafunzi wetu ana karatasi tatu. Kwenye ile ya historia ya Kiswahili ameandikiwa «Chanzo?». Kwenye ya fasihi simulizi ameandikiwa «Nani kasema?». Kwenye ya isimu jamii ameandikiwa «Ukurasa?» mara mbili. Akizisoma moja moja ataona wahadhiri watatu wenye mazoea matatu. Zikiwa kwenye ukurasa mmoja ataona kwamba yeye huandika maelezo kwanza na kutafuta vyanzo mwishoni, wakati ambapo hakumbuki tena jambo fulani alilisoma wapi. Hapo safu ya nne haiwezi kuwa «niweke vyanzo zaidi», kwa sababu hilo ni tamanio, halikaguliki. Inakuwa hivi: «Wakati wa kunukuu kutoka kitabuni, nitaandika jina la mwandishi, mwaka na ukurasa kabla ya kuandika wazo lenyewe.» Kosa limefuatwa mpaka lilikoanzia, yaani wakati wa kusoma maktabani, siyo wakati wa kuandika.

Vivyo hivyo «Kwa hiyo?», «Umesimulia», «Fafanua umuhimu» na «Uchanganuzi haba» mara nyingi ni kosa moja lenye majina manne, na daftari hulifichua. Ila ningeshauri kutoenda na maagizo zaidi ya mawili katika insha inayofuata. Mwenye orodha ya maagizo kumi huikagua mara moja, huchoka, kisha huiacha.

Inakwama pale ambapo hakuna cha kukusanya. Madarasa ni makubwa, na karatasi nyingine hurudi na alama tu, au alama hutangazwa na karatasi yenyewe isionekane. Mwanafunzi mwenye karatasi moja yenye maoni hana mfululizo, ana tukio. Daftari hukwama pia kwa mtu asiyetofautisha kanuni na upendeleo. Mhadhiri mmoja anataka vichwa vidogo ndani ya insha, mwingine anavikata kwa mstari. Hilo si kosa la mwandishi na lisiingizwe kwenye safu ya tatu. Liandikwe kwenye jalada la ndani, chini ya jina la kozi husika, kama jambo la kufuatwa katika kozi hiyo peke yake. Kwa kawaida maoni yanayotoka kwa wasahihishaji wawili wasiofundisha kozi moja ni kanuni, na yanayotoka kwa mmoja tu yanahitaji uchunguzi kabla ya kuyageuza sheria ya uandishi wako wote.

Njia ya kujua kama daftari limefanya kazi ni nyepesi kuliko zote. Kosa lililopewa agizo linarudi au halirudi katika karatasi ijayo. Likirudi, agizo lilikuwa la jumla mno au lilikaguliwa kwa kuchelewa, na ndilo la kuandikwa upya. Usijilaumu kwa uzembe kabla hujalitazama agizo lenyewe.

Linamfaa mwenye kozi nyingi zinazodai insha, na hasa anayesoma akiwa kazini. Mwalimu wa Chunya au wa Mbarali aliyejiandikisha Chuo Kikuu Huria hawezi kufunga safari hadi Mbeya mjini kwa ajili ya kila neno la pambizoni, lakini daftari analo mezani.

Njia ya tatu: kumwona mhadhiri

Inafaa maoni ambayo huwezi kuyatafsiri peke yako: mwandiko usiosomeka, mstari mrefu pambizoni usio na neno, maoni mawili yanayoonekana kupingana, na hasa «Rejea swali» pale unapoamini kwa dhati kwamba swali ulilijibu. Katika hali hiyo ya mwisho, kuandika upya kutakurudisha kwenye tafsiri yako ileile ya swali, na daftari litainakili tu.

Inahitaji maandalizi kuliko ujasiri. Jua saa za ushauri zilizobandikwa mlangoni, nenda na karatasi yenyewe pamoja na swali la insha, na uchague mambo mawili tu. Kubwa zaidi, nenda na jaribio lako. Kuna tofauti kati ya mwanafunzi anayesema, «Shikamoo Dokta, naomba kujua kwa nini nimepata nane,» na yule anayesema: «Shikamoo Dokta. Hapa uliandika "Kwa hiyo?" mbele ya gazeti la Kiongozi. Nilielewa kwamba sikuonyesha gazeti lilimfikia nani, nikajaribu kuandika sentensi hii. Je, ndicho ulichokikusudia, au kuna jambo jingine?» Wa kwanza amemlazimisha mhadhiri kutetea alama. Wa pili amempa kitu cha kusahihisha, na mhadhiri akiwa na dakika tano tu kabla ya kipindi, zitatosha.

Ukitaka alama zihakikiwe, fuata utaratibu wa idara au wa chuo wa kukata rufaa, na uufuate peke yake. Ukizichanganya shughuli hizi mbili, mazungumzo ya kujifunza yatageuka mashauri, na hutapata vizuri lolote kati ya hayo mawili.

Njia hii hukwama mara nyingi kwa heshima yetu wenyewe. Mhadhiri anaeleza, mwanafunzi anaitikia «sawa Dokta, nimeelewa», anatoka, na akifika chini ya ngazi hawezi kurudia alichoambiwa. Dawa yake ni kuyarudisha maneno palepale, kabla ya kuaga: «Kwa hiyo Dokta, katika insha ijayo nianze aya kwa hoja, ndipo nilete tukio. Nimekuelewa vizuri?» Kurudia hivyo hakumvunjii mtu heshima. Kisha andika maneno hayo siku hiyohiyo. Inakwama pia wakati wa foleni, hasa wiki za mwisho wa muhula, na pale ambapo aliyesahihisha si aliyefundisha. Katika madarasa makubwa huenda karatasi yako ilipitiwa na mhadhiri msaidizi, basi ulizia kwanza, kwa kuwa wa kueleza mstari ule ni aliyeuchora.

Utajua imefanya kazi iwapo umetoka na sentensi moja unayoweza kuitenda, yenye kitenzi. «Dokta amesema nisome zaidi» haijafika. «Dokta amesema maneno "kwa kiasi gani" yanataka upande wa pili wa hoja uonekane kabla ya hitimisho» imefika.

Inamfaa mwenye maoni yasiyoeleweka, na anayeishi karibu na chuo. Si lazima awe mchangamfu. Mwanafunzi mwenye haya anaweza kuandika maswali yake mawili kwenye karatasi na kuyasoma, au kwenda na mwenzake aliyeandikiwa maoni yaleyale.

Hali yako ni ipi?

Kama karatasi imerudi wiki mbili au zaidi kabla ya kazi nyingine, na neno zito ni la uchanganuzi, andika upya aya moja, kisha aya ya pili kwa swali jipya. Ukiwa na muda wa aya moja tu, ningechagua uandike hiyo ya swali jipya moja kwa moja, ukiwa na agizo mkononi, na aya ya zamani uiache ilivyo.

Kama karatasi imerudi siku chache kabla ya mtihani wa chuo, hali ambayo ni ya kawaida, hesabu hubadilika. Katika vyuo vyetu vingi kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60, na maswali ya insha ya mtihani husahihishwa kwa jicho lilelile. Hapo usianze daftari wala usipange foleni ofisini. Toa agizo moja kutoka kwenye maelezo ya mwisho ya karatasi, na kila unapojisomea, jibu swali moja la zamani kwa aya moja inayolitii agizo hilo. Kumbuka kwamba mtihanini hutakuwa na kurasa za kunukuu, hivyo maoni ya marejeleo yanaweza kusubiri muhula ujao. Ya uchanganuzi hayawezi.

Kama una karatasi tatu au nne za kozi tofauti zilizolala kwenye begi, anza na daftari hata kama muhula umeisha. Likizo ya Njombe au Makambako, mbali na maktaba, inatosha kwa kazi hiyo, kwa sababu inahitaji karatasi zako tu.

Kama karatasi imerudi na alama bila neno lolote, njia mbili za kwanza hazina pa kuanzia. Mwombe mhadhiri jambo dogo na mahususi: akuonyeshe aya moja tu ambako alama zilipotea zaidi. Kama hapatikani, azima insha ya mwenzako iliyopata alama za juu kwa swali hilohilo, kwa ridhaa yake, na mlinganishe aya moja kwa moja: yeye aliposema jambo, alisema limesababisha nini, wewe uliposema lilelile, ulifuatisha nini?

Na kama maoni unayaelewa yote, umeyaandika daftarini mara mbili na bado yanarudi, chukua aya mbili, ya karatasi ya zamani na ya karatasi mpya, uzipeleke pamoja kwa mhadhiri. Aya mbili zenye kosa moja humwonyesha haraka mahali mkono wako unapoteleza kuliko maelezo yoyote utakayompa kwa mdomo.